Kutoka Akaunti ya Binafsi hadi ya Biashara: Namna Instagram Inavyozikubali Zana za Kupanga Posti

Zana ya kupanga posti ni programu inayomwezesha mtu kuandaa picha, video na maelezo yake leo, kisha akaiachia programu hiyo kazi ya kuviweka mtandaoni siku na saa aliyoichagua. Buffer, Hootsuite na Later ni baadhi ya zinazojulikana zaidi, na Meta, kampuni inayomiliki Instagram na Facebook, ina ya kwake ya bure iitwayo Meta Business Suite. Mwenye duka anayejaribu kuiunganisha zana ya namna hii na Instagram yake mara nyingi hukwama mapema sana. Anajisajili vizuri, anabonyeza kitufe cha kuunganisha, anaingiza neno la siri bila kukosea, halafu anaambiwa kwamba hakuna akaunti inayofaa. Neno la siri halina tatizo. Akaunti yake ni ya binafsi, na Instagram hairuhusu programu ya nje kuweka posti kwenye akaunti ya binafsi.

Mambo hayakuwa tofauti sana hata zamani. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa programu ya simu ya kupigia na kuonyeshea picha, na waliotengeneza zana za kupanga posti hawakupewa njia ya kuweka picha moja kwa moja. Walichoweza kufanya ni kumkumbusha mwenye akaunti: saa ikifika simu inalia, anafungua Instagram, anabandika maelezo aliyoyaandaa, anabonyeza mwenyewe. Akaunti za biashara zilikuja mwaka 2016. Januari 2018 Meta, wakati huo ikiitwa bado Facebook, ikaruhusu kwa mara ya kwanza zana za washirika wake wachache kuweka picha zenyewe, na ikaweka sharti kwamba akaunti iwe ya biashara. Mwaka 2021 ruhusa hiyo ikapanuliwa kwa watengenezaji wa programu kwa ujumla, na mwaka 2022 zikaongezwa Reels.

Mwaka huohuo wa 2018 ndio ulioleta ukali. Mwezi Machi habari za kampuni ya Cambridge Analytica zilifichua jinsi data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook zilivyochukuliwa kupitia programu ya nje. Wiki chache baadaye Facebook ilitangaza kuondoa ruhusa iliyoitwa `publish_actions`, ambayo ndiyo iliyoziwezesha programu kuandika kwenye ukurasa wa mtu binafsi, na kufikia Agosti 1, 2018 ilikuwa haifanyi kazi tena. Tangu hapo msimamo wa kampuni umekuwa mmoja katika mitandao yake yote miwili: programu ya nje inaweza kuweka posti kwa niaba ya biashara, lakini si kwa niaba ya mtu. Kwa upande wa Instagram kulibaki njia ndogo iliyoiwezesha programu kusoma tu picha za akaunti ya binafsi, nayo ilizimwa Desemba 4, 2024. Leo hakuna njia rasmi yoyote ya kuiunganisha akaunti ya binafsi ya Instagram na zana ya kuweka posti.

Zipo njia zisizo rasmi. Kuna programu zinazomwomba mtumiaji aandike jina lake na neno lake la siri ndani ya programu yenyewe, kisha zinaingia Instagram zikijifanya ni yeye. Zinafanya kazi kwa muda, na ndiyo maana zina wateja. Lakini zinakiuka masharti ya Instagram, na mfumo ukigundua kwamba akaunti inatumiwa kutoka kompyuta ya mbali kwa namna isiyo ya kawaida, akaunti hufungiwa kwa muda au moja kwa moja. Kuitambua zana halali ni rahisi: haimwombi mtu neno la siri kwenye ukurasa wake yenyewe. Humpeleka kwenye ukurasa wa Facebook au wa Instagram, wenye anwani ya facebook.com au instagram.com, na ni huko ndiko neno la siri linakoandikwa. Ikiwa dirisha linalodai neno la siri lina anwani nyingine yoyote, ni bora kulifunga.

Akaunti inayokubaliwa na zana huitwa kwenye Instagram "professional account", yaani akaunti ya kikazi, na iko ya aina mbili. Moja ni ya biashara, inayoonekana kama "Business"; nyingine ni ya watu wanaojulikana kwa kazi zao za ubunifu, "Creator", iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya wasanii, wanahabari, wachekeshaji na wengine wa namna hiyo. Zamani zana ziliitambua ya biashara pekee. Siku hizi nyingi huzipokea zote mbili, lakini kwa duka, saluni, mgahawa au shule, ile ya biashara ndiyo isiyo na maswali.

Kabla ya kubadilisha, kuna mambo mawili ambayo mwenye akaunti anayapoteza, na ni vema ayajue mapema kwa kuwa zana za kupanga posti hazina sababu ya kumwambia.

La kwanza ni faragha. Akaunti ya kikazi haiwezi kufungwa. Kila mtu anaweza kuiona. Aliyekuwa ameifunga akaunti yake ili ionekane na wafuasi aliowakubali tu, siku akiibadilisha picha zake zote za zamani zinakuwa wazi, zikiwamo za harusi ya dada yake na za watoto kwenye sikukuu. Maombi ya ufuasi yaliyokuwa yakisubiri nayo hukubaliwa yote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupitia picha za nyuma na kuzihifadhi kwenye kumbukumbu kwa kitufe cha "Archive" zile zisizohusu biashara. Njia iliyo safi zaidi, hasa kwa mtu mwenye picha nyingi za familia, ni kuiacha akaunti ya zamani kama ilivyo na kufungua mpya ya duka. Gharama yake ni kuanza upya kutafuta wafuasi, na hapo kila mtu atapima mwenyewe.

La pili ni muziki. Mikataba ambayo Meta imeingia na kampuni za muziki inahusu matumizi ya kawaida ya watu, wala haimruhusu mfanyabiashara kutangaza bidhaa kwa nyimbo hizo. Kwa sababu hiyo akaunti ya biashara huonyeshwa orodha fupi ya muziki usio na madai ya kibiashara, na wimbo wa Bongo Fleva unaovuma wiki hiyo mara nyingi haumo. Akaunti ya "Creator" kwa kawaida huachiwa orodha pana zaidi, na hii ndiyo sababu kubwa ya baadhi ya wauzaji kuichagua. Hata hivyo muziki wa maktaba ya Instagram kwa kawaida hauongezwi kupitia zana ya nje; video inayohitaji wimbo huo itabidi iwekwe kwa mkono kutoka kwenye simu. Mtu ambaye karibu posti zake zote ni video zenye nyimbo zinazovuma hatanufaika sana na zana yoyote.

Kubadilisha kwenyewe huchukua dakika chache na ni bure. Kwenye programu ya Instagram mtu hufungua wasifu wake, hugusa mistari mitatu iliyo juu upande wa kulia, kisha huteremka hadi "Account type and tools" na kuchagua "Switch to professional account". Atatakiwa kuchagua kundi la shughuli yake, mfano duka la nguo au mgahawa, na kuamua kama kundi hilo lionekane chini ya jina. Kisha atachagua "Business" au "Creator". Baada ya hapo Instagram huomba mawasiliano: barua pepe, namba ya simu na anwani. Hapa pana mtego mdogo. Namba inayojazwa hapo inaweza kuwa kitufe ambacho yeyote anayefungua wasifu anaweza kukigusa na kupiga simu, kwa hiyo namba inayofaa ni ya duka, na asiyetaka kuweka mawasiliano anaruhusiwa kuruka. Meta hubadilisha majina ya menyu mara kwa mara, lakini mpangilio wa hatua umebaki uleule kwa miaka kadhaa.

Wengi huishia hapo na kurudi kwenye zana wakiwa na matumaini. Baadhi hufanikiwa, na baadhi huambiwa tena kwamba hakuna akaunti iliyopatikana. Tofauti yao iko kwenye njia ambayo zana inaitumia. Njia ya zamani hupitia Facebook: zana haiitafuti akaunti ya Instagram moja kwa moja bali hutafuta Ukurasa wa Facebook, ule wa biashara ambao watu wengi huuita peji, kisha huangalia ni Instagram ipi iliyofungamanishwa na Ukurasa huo. Njia mpya, iliyotolewa na Meta Julai 2024, humruhusu mtu kuingia kwa Instagram yenyewe bila Ukurasa wowote. Zana nyingi huonyesha vitufe viwili, kimoja cha kuingia kwa Facebook na kingine cha kuingia kwa Instagram. Kwa mwenye duka dogo anayetaka tu posti zake zitoke kwa wakati, kitufe cha Instagram ndicho kifupi. Upungufu wake ni kwamba njia hiyo haifikii matangazo ya kulipia wala kuweka alama za bidhaa, na baadhi ya zana bado hazijaiweka kabisa.

Anayepita kwa Facebook anahitaji vitu vitatu vishikamane: akaunti ya Instagram iwe ya kikazi, iunganishwe na Ukurasa wa Facebook, na mtu anayebonyeza kitufe cha kuunganisha awe na mamlaka kamili juu ya Ukurasa huo. Kosa linalojirudia kuliko yote liko kwenye kitu cha pili. Instagram ina sehemu iitwayo "Accounts Center" ambapo mtu anaweza kuunganisha Instagram yake na akaunti yake binafsi ya Facebook, ile yenye jina lake na marafiki zake. Akishafanya hivyo, posti za Instagram zinaweza kujitokeza pia Facebook, naye huamini kwamba kazi imekwisha. Zana hailioni unganisho hilo. Linalotakiwa ni la Ukurasa: kwenye mipangilio ya Ukurasa wa Facebook kuna "Linked accounts", na ndani yake Instagram na kitufe cha "Connect account". Kwa upande wa Instagram jambo hilohilo hufanyika kwenye "Edit profile", penye neno "Page". Asiye na Ukurasa anaweza kuufungua hapohapo. Hauhitaji kuwa na wafuasi wala posti hata moja.

Mfano mmoja unaweza kuonyesha jinsi haya yanavyokutana. Tuseme kuna mama anayeuza vitenge na madera Kariakoo, Dar es Salaam. Instagram yake ina wafuasi wapatao 4,000, imekuwa ya binafsi tangu mwanzo, na picha huziweka mwenyewe usiku akishafunga duka. Anataka kuandaa posti za wiki nzima Jumapili mchana. Anabadilisha akaunti kuwa ya biashara, anachagua zana inayopitia Facebook, na zana inamwambia haioni Ukurasa wowote. Anashangaa, kwa sababu Ukurasa wa duka upo na wateja huuona.

Upo, lakini haumilikiwi na yeye. Uliwahi kufunguliwa na mpwa wake kabla hajaenda kufanya kazi Maskati, kwa kutumia akaunti ya Facebook ya mpwa mwenyewe. Mama huyo huona Ukurasa kama mfuasi mwingine yeyote. Meta haimtambui mtu kwa jina lililoandikwa kwenye kibao cha duka. Inaangalia tu nani ana ruhusa. Hakuna zana inayoweza kulitatua hilo, na kubadilisha tena akaunti ya Instagram hakutasaidia kitu. Mpwa anatakiwa aingie kwenye mipangilio ya Ukurasa, afungue "Page access", amwongeze shangazi yake na kuwasha swichi ya udhibiti kamili. Shangazi atapata mwaliko Facebook, naye lazima aukubali. Mwaliko ambao haujakubaliwa haumpi chochote. Ukurasa uliokuwa umewekwa chini ya kampuni ya matangazo una hatua moja zaidi, kwa kuwa ruhusa itolewe ndani ya mfumo wa Meta wa kusimamia mali za biashara, na ni kampuni hiyo inayoshika funguo. Wenye maduka wengi hugundua jambo hili siku wanapoachana na aliyekuwa akiwatangazia, nayo si siku nzuri ya kuomba hisani.

Mwaliko umekubaliwa, Instagram imeunganishwa na Ukurasa kupitia "Linked accounts", na mama anarudi kwenye zana. Sasa linafunguka dirisha la Facebook linalomwonyesha kurasa na akaunti za Instagram zilizopo, likiuliza zana iruhusiwe zipi, kisha linaorodhesha ruhusa zinazoombwa. Mtu mwangalifu huvutwa kupunguza: anatia tiki Instagram na kuuacha Ukurasa, au anazima ruhusa asiyoielewa. Katika dirisha hili uangalifu wa namna hiyo huharibu. Zana huifikia Instagram kwa kupitia Ukurasa, kwa hiyo vyote viwili vinahitaji tiki, na ruhusa ya kuweka maudhui ikizimwa zana itaunganishwa, itaonyesha picha za zamani vizuri, lakini haitaweza kuweka mpya. Mahali pa kuwa mwangalifu ni kabla ya hapo, kwenye kuamua kama zana yenyewe inaaminika.

Akikosea dirishani, kubonyeza kuunganisha kwa mara ya pili mara nyingi hurudia makosa yaleyale, kwa kuwa Facebook hukumbuka alichochagua. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya Facebook, kufungua "Business integrations", kuiondoa zana hiyo, kisha kuanza upya na kutia tiki panapostahili. Aliyepita kwa kitufe cha Instagram atakuta sehemu kama hiyo kwenye Instagram yenyewe, chini ya "Website permissions", ikiitwa "Apps and websites". Sehemu hizo mbili zinafaa pia kwa kazi nyingine: kuzifukuza zana za zamani ambazo mwenye akaunti alishaacha kuzitumia.

Kuunganisha kukifaulu, kinachofuata kinaeleweka vizuri zaidi kwa anayejua kinachofanyika nyuma ya pazia. Zana haipewi neno la siri la mtu. Inapewa tokeni, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba mtu huyu ameiruhusu zana hii kufanya mambo haya. Posti iliyopangwa hukaa kwenye kompyuta za zana. Instagram haijui lolote kuihusu mpaka muda ufike. Saa ikitimia zana hutuma ujumbe wa kwanza wenye tokeni, maelezo ya posti na anwani ya mtandaoni ilipohifadhiwa picha. Kompyuta za Meta huenda kuichukua picha hiyo na kuiandaa. Zana hutuma ujumbe wa pili wa kuamuru kwamba sasa iwekwe hadharani. Yote haya huweza kuisha ndani ya sekunde chache, na kwa video huchukua muda zaidi.

Maana yake ni kwamba rangi ya kijani kwenye kalenda ya zana inaonyesha tu kuwa zana imeipokea kazi. Ruhusa inapimwa saa ya kuweka posti. Mama wa Kariakoo akipanga posti saba Jumapili, kisha Jumatano akabadilisha neno la siri la Facebook kwa kuwa simu ya binti yake imeibwa, tokeni hufa palepale. Posti za Alhamisi hadi Jumamosi hazitatoka, na kalenda itaendelea kuonekana imejaa. Jambo hilohilo hutokea mpwa akimwondoa kwa bahati mbaya kwenye Ukurasa, au mtu akiirudisha Instagram kuwa ya binafsi ili apate wimbo fulani kwa siku moja. Hata bila tukio lolote tokeni zina umri: zile za muda mrefu za Instagram huishi siku 60, na zana nzuri huziongezea muda kimyakimya kabla hazijaisha. Pale inaposhindikana, hutuma barua pepe ya kuomba mtu aunganishe upya. Barua hizo hupotelea kwenye matangazo, na hapo ndipo malalamiko mengi ya kwamba zana imeacha kufanya kazi yenyewe huanzia. Anwani iliyosajiliwa kwenye zana inapaswa kuwa ile inayosomwa.

Kundi la pili la posti zinazokwama linatokana na picha yenyewe. Instagram hupokea kutoka kwa zana picha za aina ya JPEG tu, wakati picha ya kioo cha simu, ambayo wauzaji huitumia sana kuonyesha bei au ushuhuda wa mteja, huwa ni PNG. Zana nyingi huibadilisha zenyewe. Zisizofanya hivyo huikataa. Umbo nalo lina mipaka. Kwa posti ya kawaida ya picha, kipimo salama ni kati ya 4:5 kwa picha ya wima na 1.91:1 kwa picha ya ulalo. Picha ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya status ya WhatsApp, yenye kipimo cha 9:16, haitoshei. Kwenye simu Instagram ingemkatia pembeni naye angeona na kurekebisha, lakini kupitia zana hakuna wa kukata, na posti inarudishwa. Kuna pia ukomo wa idadi ambayo akaunti moja inaweza kupokea kutoka kwa zana ndani ya saa 24. Ulianza na posti 25 na baadaye ukapandishwa, na duka la kawaida haliwezi kuufikia.

Saa ni chanzo kingine, na kwa wasemaji wa Kiswahili ina mzizi wake wa pekee. Zana huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Anayetaka posti itoke saa 2 usiku anapaswa kuandika 20:00, au 8:00 na kuchagua PM; akiandika 2:00 itatoka saa 8 usiku, wateja wakiwa wamelala. Kosa hili hugundulika kwa urahisi kwa kuwa posti inaonekana imewekwa usiku wa manane. Gumu zaidi ni la ukanda wa saa. Zana nyingi hujaza ukanda kutokana na kompyuta iliyotumika kujisajili, na ikiwa ni mpwa aliyeifungua zana akiwa Maskati, itafuata saa za Omani, zilizo mbele ya za Afrika Mashariki kwa saa moja. Posti iliyoandikwa 20:00 itatoka Dar es Salaam saa 1 usiku, kila siku, bila kosa lolote kuonyeshwa. Kwenye orodha ya zana jina la Dar es Salaam huenda lisiwepo. Nairobi hutosha, kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda hutumia saa moja. Msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi asichague Nairobi, kwani huko wako nyuma kwa saa moja.

Njia bora ya kupima unganisho jipya ni kupanga posti moja ya kweli itakayotoka baada ya dakika 15, kisha kufungua Instagram kwa simu ya mtu mwingine na kuitazama. Ikitoka, Ukurasa, ruhusa, tokeni, umbo la picha na saa vyote viko sawa kwa pamoja. Isipotoka, zana huandika sababu, na maneno ya sababu hiyo huonyesha mahali: yakitaja ruhusa, tatizo liko kwenye Ukurasa au dirisha la Facebook, yakitaja tokeni au kuomba kuunganisha upya, neno la siri limebadilishwa au muda umeisha, yakitaja kipimo au aina ya faili, ni picha.

Kurudi kwenye akaunti ya binafsi kunaruhusiwa wakati wowote, kwenye menyu ileile. Takwimu za wafuasi na za posti zilizokuwa zimekusanywa hufutika, nazo hazirudi mtu akibadilisha tena baadaye, na posti zilizopangwa kwenye zana hubaki huko bila kutoka.

Kwa muuzaji mmoja mwenye simu moja, huenda hata zana ya nje isihitajike. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Instagram yenyewe huiruhusu akaunti ya kikazi kupanga posti ndani ya programu, hadi 25 kwa siku na hadi siku 75 mbele, na hakuna Ukurasa wa Facebook unaohitajika wala zana ya nje inayohitaji kuunganishwa upya. Zana za nje zina faida kwa anayeendesha akaunti kadhaa, kwa duka lenye watu wawili au watatu wanaoandaa posti kwa zamu, au kwa anayetaka posti moja itoke Instagram, Facebook na kwingineko kwa pamoja. Asiye na mahitaji hayo abadilishe akaunti, atumie kalenda ya Instagram iliyo ndani ya simu yake, na aache kulipia kingine.